Video ya dakika sita iliyorudishwa kwa mstari mmoja

Mwisho wa video palikuwa na maandishi meupe juu ya kiza, yakakaa sekunde nne na kupotea: "Picha na video: Google, YouTube, Pexels. Shukrani kwa wote." Mstari huo ndio ulioirudisha.

Mwenye video ni kijana anayetembeza wageni hapa Tanga mjini. Alitengeneza kipande cha dakika sita kuhusu vita vya Novemba 1914, pale jeshi la Waingereza lililoletwa kutoka India liliposhukia Ras Kasone, likafukuzwa na kikosi kidogo cha Wajerumani kilichoongozwa na Lettow-Vorbeck, nyuki nao wakaingia kati na kuuma bila kuchagua upande. Hoteli moja ikakubali kuinunua ili iwaonyeshe wageni kwenye skrini ya mapokezi. Yeye mwenyewe alikusudia kuiweka YouTube na kuwasha matangazo. Kabla ya kulipa, aliyeshika mkataba upande wa hoteli akaomba kitu kimoja tu: orodha ya kila kilichotoka kwa mtu mwingine, pamoja na ruhusa yake. Kijana hakuwa na orodha. Alikuja kwangu na flashi mkononi.

"Kaka, zote hizi ni za bure," aliniambia. "Hakuna hata moja niliyolipia."

Na kweli hakuwa amelipia. Lakini kutolipa kunaeleza kilichotoka mfukoni mwake tu, hakuelezi mwenye kitu alisema nini. Tulipoichambua video tukakuta vitu sita visivyo vyake: picha ya zamani ya askari, ramani, klipu ya mvuvi ufukweni, klipu ya droni ya mji, klipu ya nyuki, na muziki. Vingine vyote alivipiga kwa simu yake.

Kabla ya kugusa hata kimoja tulikubaliana jambo moja lililotuokolea muda mwingi baadaye. Video inauzwa hotelini na itabeba matangazo, kwa hiyo ni ya biashara, hata kama inafundisha historia. Maana yake leseni yoyote yenye herufi NC, yaani "si kwa biashara", imeondoka mezani tangu mwanzo. Wengi huanza na picha waliyoipenda kisha wakaitafutia leseni. Ni afadhali uanze na matumizi yako, halafu uchuje.

Picha ya askari

Faili lake liliitwa `images (4).jpg`. Jina hilo peke yake lilinionyesha lilikotoka: aliandika maneno kwenye Google, akabonyeza picha kwa kidole, akahifadhi. Google haimiliki picha hizo. Inaonyesha tu zilipo, na mara nyingi inakuonyesha nakala ya nakala iliyowekwa na mtu asiyejua mwenyewe ni nani. Ukiandika "Chanzo: Google" ni sawa na kumtaja dereva wa daladala ulipoulizwa nani alikupa mzigo.

Tukairudisha nyuma. Niliipakia kwenye TinEye, kisha kwenye Google Lens, ambazo hutafuta picha kwa kutumia picha yenyewe, tukapata tovuti kadhaa zilizokuwa na picha ileile: zingine zimeikata pembeni, moja inaiuza. Hiyo inayouza ilimtisha kijana, akadhani huyo ndiye mwenyewe. Si lazima. Kampuni za kuuza picha huweka rafuni hata kazi ambazo mtu yeyote anaweza kuzichukua bure kwingine. Desemba 2015 mpiga picha Mmarekani Carol Highsmith, aliyeipa Maktaba ya Bunge la Marekani maelfu ya picha zake zitumike na umma, alipata barua ya kudaiwa dola 120 kwa kutumia picha ambayo yeye mwenyewe ndiye aliyeipiga. Kwa hiyo bei iliyobandikwa kwenye picha usiichukue kama hati ya umiliki.

Nakala iliyokuwa na historia kamili tuliipata Wikimedia Commons, hazina ya mtandaoni ya picha zilizoruhusiwa kutumika, kwa jina `Bundesarchiv Bild 105-DOA3056, Deutsch-Ostafrika, Askarikompanie.jpg`. Bundesarchiv ni nyaraka za taifa za Ujerumani. Mwaka 2008 waliikabidhi Wikimedia Commons makumi ya maelfu ya picha, na zile zenye alama ya 105-DOA zinatokana na Walther Dobbertin, mpiga picha Mjerumani aliyefanya kazi huku kwetu enzi za ukoloni. Ukurasa wa faili Commons huwa na sehemu za mwandishi, chanzo, tarehe na ruhusa, na ni lazima uzisome zote nne. Kijana aliruka moja kwa moja kwenye kitufe cha kupakua, kama tunavyofanya wengi.

Hapo akaniuliza swali zuri: picha ina zaidi ya miaka 100, leseni ya nini tena? Jibu ni kwamba umri wa picha hautoshi. Hakimiliki katika nchi nyingi huhesabiwa kuanzia kifo cha aliyeitengeneza. Dobbertin alifariki mwaka 1961. Ujerumani huhesabu miaka 70 baada ya kifo, kwa hiyo kule picha zake zinalindwa mpaka mwisho wa 2031. Tanzania huhesabu miaka 50, na kwa hesabu hiyo muda umeshapita. Lakini video ikishapanda YouTube inaonekana Berlin kama inavyoonekana Chumbageni, na wageni wa hoteli wengi wao wanatoka hukohuko. Tukaamua kuifuata leseni ya Bundesarchiv badala ya kuegemea tofauti ya sheria za nchi mbili.

Leseni yenyewe ni CC BY-SA 3.0 DE, mojawapo ya leseni za Creative Commons, ambazo mwenye kazi huzitumia kuwaruhusu wengine kwa masharti. Herufi BY zinadai umtaje mwenye kazi. SA zinadai jambo zito zaidi: ukiibadilisha kazi hiyo ukapata kazi mpya, nayo lazima uitoe kwa masharti yaleyale, wengine nao wawe huru kuichukua. Hapa ndipo kijana alipokuwa amejifunga bila kujua, kwa sababu nakala aliyoiweka kwenye video ilikuwa imetiwa rangi: kaki kwenye sare, kijani kwenye majani. Kutia rangi ni kuibadilisha. Ile picha ya rangi ni kazi mpya iliyotokana na ya Dobbertin, kwa hiyo nayo ingebidi itolewe kwa CC BY-SA. Na aliyeitia rangi hatukumjua, maana jina lake halikuwepo popote. Tulikuwa na watu wawili wa kuwataja, tukamjua mmoja.

Je, video nzima nayo ingegeuka kuwa BY-SA kwa sababu ya picha moja? Wanasheria wenyewe wanabishana. Picha nzima isiyoguswa, ikikaa sekunde chache kati ya vitu vingine, watu wengi huiona kama picha kwenye albamu: albamu ni yako, picha inabaki na masharti yake. Ukianza kuikata, kuitia rangi, kuitenganisha na mandhari yake na kuwafanya askari waonekane wanatembea, hoja ya albamu inadhoofika. Sikutaka kijana alipie ubishi wa wanasheria. Tukaitupa ile ya rangi, tukarudisha ile nyeusi na nyeupe kutoka Commons, nzima, bila kuikata.

Ikatokea shida ya kawaida. Picha zile za Bundesarchiv zilitolewa kwa ukubwa mdogo, upande mrefu kama pikseli 800, na video yake ina upana wa pikseli 1920. Ukiivuta ijaze skrini inakuwa ukungu. Tuliiweka katikati kwa ukubwa wake, ikiwa na nafasi nyeusi pande zote, na nafasi hiyo ikatufaa kwa maandishi ya kumtaja mpiga picha. Kijana aliona imekuwa "ya kizee". Mimi niliona imekuwa picha ya enzi zile.

Kuna jambo la mwisho kwenye picha hii, nalo halihusu leseni. Msimulizi wake alikuwa anasema, "Hawa ndio askari waliopigana Tanga." Maelezo ya picha hayasemi hivyo. Yanataja kikosi cha askari wa Afrika Mashariki ya Kijerumani, basi. Tena Bundesarchiv wenyewe huweka onyo kwamba maelezo ya asili ya picha hizi yanaweza kuwa na makosa, upendeleo au mtazamo uliopitwa na wakati. Leseni safi inakupa ruhusa ya kuonyesha picha, haikuthibitishii kilicho ndani yake. Tukabadilisha sentensi ikawa: "Askari wa jeshi la Wajerumani wa wakati ule."

Droni iliyofuliwa

Klipu ya droni ilikuwa nzuri kuliko zote: bandari, kisiwa cha Toten, kisha mji unafunguka. Aliitoa YouTube. Wakati huu alikuwa amejitahidi, kwa sababu alichuja matokeo kwa kuchagua "Creative Commons" kwenye vichujio, na chini ya video palikuwa na maneno `Creative Commons Attribution license (reuse allowed)`. Kwa macho ya haraka amefuata sheria.

Mimi nilitazama akaunti kabla ya klipu. Ilikuwa na klipu za droni za Tanga, Kigali, Mombasa na miji mingine mingi, zote zimewekwa ndani ya siku chache, kila moja ikiwa na rangi na ubora tofauti, kama mtu anayemiliki droni kumi na ndege ya kwenda nazo. Pembeni ya chini ya klipu yetu palikuwa na ukungu mdogo wa mstatili usiotembea hata droni inapogeuka. Hapo palikuwa na nembo, ikafutwa. Tukasimamisha klipu kwenye fremu tatu zinazotambulika kirahisi, tukazipiga picha ya skrini, tukazitafuta kwa Google Lens. Fremu ya pili ikatupeleka kwenye klipu hiyohiyo, ndefu zaidi, yenye nembo kamili, iliyowekwa miaka miwili kabla na mpiga video wa hapahapa mkoani. Leseni yake ni ile ya kawaida ya YouTube, isiyoruhusu kuchukua.

Huu ndio wizi unaoitwa kufua leseni. Mtu anachukua kazi isiyo yake, anaipakia upya na kuibandika alama ya ruhusa. Alama hiyo haina nguvu, kwa sababu asiyemiliki hana cha kuruhusu. Na YouTube haimuulizi anayepakia alete ushahidi, inampa orodha ya chaguo mbili naye anabonyeza. Yule aliyeamini alama anabaki na mzigo: mwenye klipu akilalamika, video itakayoshushwa ni ya kijana.

Dawa ilikuwa rahisi kuliko tulivyotarajia. Tukampigia simu mwenye klipu halisi. Nilimshauri kijana asiombe "ruhusa ya kutumia video yako", maana maneno hayo yanaweza kuchukuliwa kwa maana yoyote. Aliandika ujumbe wenye mambo yote: sekunde ngapi na kutoka wapi hadi wapi, zitatumika kwenye video gani, itaonyeshwa YouTube yenye matangazo na kwenye skrini ya hoteli, jina lake litaandikwaje, na malipo kiasi gani. Akajibu kwa barua pepe, akataka malipo kidogo na jina lake lionekane wakati klipu inapita, si mwishoni tu. Akatuma faili lenyewe la asili. Hilo nalo lilitufaa mara mbili, kwa sababu masharti ya YouTube hayaruhusu kupakua video kwa programu za nje, na nakala aliyokuwa nayo kijana ilikuwa imeshabanwa mpaka bahari inaonekana ya miraba.

Mvuvi asiyejua kwamba ni msaliti

Klipu ya mvuvi ilitoka Pexels, tovuti ya picha na klipu za bure. Leseni ya Pexels ni nyepesi: unaweza kutumia kwa biashara, unaweza kubadilisha, na si lazima umtaje mpiga video. Kwa hiyo nilitegemea tuipite haraka. Kisha nikasikiliza sauti ya msimulizi inayopita juu yake: "Wapo wenyeji waliopeleka habari kwa adui." Kwenye skrini wakati huohuo, uso wa mzee aliye hai, akitazama bahari.

Leseni hiyo nyepesi ina makatazo machache, na mojawapo ni hili: watu wanaotambulika wasionyeshwe kwa namna inayowaharibia sifa. Mzee yule alipigwa video akivua, sasa tumemfanya jasusi wa mwaka 1914. Pixabay nao wana katazo la namna hiyo. Leseni ya hakimiliki ni ruhusa ya aliyeshika kamera, naye aliyesimama mbele ya kamera ana haki zake mwenyewe. Kwa hiyo kila klipu yenye uso niliicheza mara mbili, mara ya pili bila picha, nikisikiliza tu nini kinasemwa wakati uso unapita.

Kulikuwa na kosa jingine ambalo mtu wa pwani angelicheka. Klipu ilibandikwa maneno "Africa, beach, fisherman", kijana akaridhika. Mashua nyuma ya mzee ni ndefu, zimepakwa rangi nyingi na kuchorwa maandishi ubavuni, hazina miti ya pembeni kama ngalawa zetu wala tanga la pembetatu. Sijui ni ufukwe gani, ila si wetu. Maneno ya kutafutia kwenye tovuti hizi huandikwa na aliyepakia ili klipu ionekane, hakuna anayeyahakiki. Tuliiondoa. Kijana akaenda Sahare asubuhi, akapiga ngalawa zikirudi, nyuso zikiwa mbali. Ilimchukua saa moja, muda mfupi kuliko aliotumia kuitafuta ile ya Pexels.

Ramani na muziki

Ramani ilikuwa picha ya skrini ya Google Maps, na maandishi madogo ya chini yanayotaja Google na watoa data ameyakata ili "ipendeze". Masharti yao kwa video yanataka maandishi hayo yaonekane muda wote ramani ipo kwenye skrini, si kwenye majina ya mwisho tu. Tungeweza kuyarudisha maandishi hayo. Lakini alitaka kuchora mshale kutoka Ras Kasone hadi mjini na kuondoa majina ya maduka ya leo, na kwa kazi ya namna hiyo OpenStreetMap, ramani inayochorwa na watu wa kujitolea, ndiyo inayofaa: data yake unaruhusiwa kuichukua na kuichora upya mradi uwataje waliochangia. Tukaandika kwenye kona `© OpenStreetMap contributors`, mshale ukapita.

Muziki ulikuwa na leseni ya CC BY-NC-ND. Herufi NC zilishautoa, kama tulivyokubaliana mwanzo. Lakini kijana alikuwa na hoja juu ya ND, yaani "usibadilishe": hakuukata, hakuupunguza sauti, aliuacha kama ulivyo. Nami nilimwonyesha kifungu ambacho watengeneza video wengi hawakijui. Leseni za Creative Commons zenyewe zinasema kwamba muziki ukipangwa kwenda sambamba na picha zinazotembea, hapo tayari umetengeneza kazi mpya. Kwa hiyo wimbo wenye ND hauingii kwenye video kabisa, na wimbo wenye SA unaivuta video nzima iwe SA. Kwa picha unaweza kubishana kuhusu albamu, kwa muziki mlango huo umefungwa na maandishi ya leseni. Tulitafuta wimbo wenye CC BY 4.0.

Majina yanakaa wapi

Kijana alidhani kazi ya kutaja itamalizwa na maelezo ya chini ya video YouTube. Angeandika viungo vyote pale, basi. Nikamuuliza mgeni aliyekaa mapokezi ya hoteli atayaonaje maelezo hayo. Hoteli inapewa faili la mp4, halina maelezo. Mtu akilirusha WhatsApp, nalo linaenda uchi. Kwa hiyo majina yote tuliyaingiza ndani ya video yenyewe, na kule YouTube tukayarudia yakiwa na viungo vinavyobonyezeka.

Leseni ya Dobbertin, toleo la 3.0, inataka jina la mwenye kazi, jina la kazi kama lilitolewa, anwani ya leseni, na kusema kama umebadilisha. Bundesarchiv wameshaandika namna wanavyotaka watajwe, kwa hiyo tuliifuata badala ya kubuni yetu:

```
Askari wa jeshi la Wajerumani, Afrika Mashariki
Bundesarchiv, Bild 105-DOA3056 / Walther Dobbertin / CC BY-SA 3.0 DE
https://creativecommons.org/licenses/by-sa/3.0/de/
Picha haikubadilishwa.
```

Mstari wa pili ulikaa chini ya picha yenyewe, kwenye ile nafasi nyeusi. Mistari yote ilirudi mwishoni, kila ukurasa wa majina ukikaa sekunde nane, kwa sababu nilimwambia kijana ausome kwa sauti na sekunde nne hazikumtosha.

Namba ya toleo si pambo. Kwenye matoleo ya zamani, 3.0 na yaliyotangulia, ukikosea kutaja ruhusa yako inakufa papo hapo, na kusahihisha baadaye hakuifufui yenyewe. Toleo la 4.0 linakupa siku 30 tangu ujue kosa, ukirekebisha ruhusa inarudi. Wapo wapiga picha wanaoweka kazi kwa matoleo ya zamani, wanamsubiri atakayesahau jina au kiungo, kisha wanamtumia ankara. Ndiyo maana "CC" tupu, au "Creative Commons" tupu, si kutaja leseni. Zipo leseni sita na matoleo kadhaa, na kila moja ina madai yake.

Kisha ushahidi. Mtu akiweka picha kwa CC, ruhusa kwa aliyekwisha kuichukua haiwezi kufutwa, ila anaweza kubadilisha alama kwenye ukurasa au kuufuta ukurasa wote, nawe ukabaki na neno lako tu. Kwa kila kitu tulihifadhi ukurasa kama PDF, na tukauweka pia kwenye Wayback Machine, hifadhi ya kurasa za mtandao, kwa `Save Page Now`, ambayo inabaki na tarehe isiyoandikwa na sisi. Orodha iliyokwenda hotelini ilikuwa jedwali la kawaida, na mstari mmoja wake ulikuwa hivi:

```
namba,dakika,kitu,mwenye_kazi,leseni,mabadiliko,ushahidi
01,00:48-00:55,picha ya askari,Walther Dobbertin / Bundesarchiv,CC BY-SA 3.0 DE,hakuna,01_commons.pdf
```

Tulibadilisha hata majina ya mafaili yaanze na namba hizo. Mahali pa ile `images (4).jpg` pakakaa `01_Dobbertin_DOA3056_CC-BY-SA-3.0-DE.jpg`, ili mwaka ujao akitaka kuitumia tena asianze upya.

Nyuki

Klipu ya nyuki ndiyo iliyotushinda. Aliitoa kwenye kikundi cha WhatsApp, ambako mtu aliirusha na maneno "free footage, tumieni". Tuliitafuta fremu kwa fremu, haikupatikana popote. Haikuwa na nembo wala ukungu. Kijana alinibishia kwa dakika kumi: kama hatujampata mwenyewe, nani atampata? Lakini safu ya "mwenye_kazi" kwenye jedwali ingebaki tupu, na hiyo ndiyo safu ya kwanza atakayoitazama mtu wa hoteli. Nikamwambia nyuki wamejaa Pexels, achukue wengine. Akachukua wawili watatu, akawatazama, akasema hawa wanatembea taratibu juu ya maua ya bustani, wale wa Tanga walilikimbiza jeshi.

Kwa hiyo akaenda Muheza, kwa mzee anayefuga nyuki, akamwomba apige mizinga yake, na mzee akakubali mbele ya kamera, jambo ambalo kijana alilirekodi kwa akili yake bila kuambiwa. Alirudi jioni na sekunde 40 za nyuki wenye hasira, zote mali yake, na jicho la kushoto limevimba mpaka halifunguki. Kwenye jedwali, safu ya ushahidi ya mstari wa mwisho, ameandika: "Nilikuwepo."